Video ndefu haipandi, picha ya kava haiwekeki: YouTube inataka namba ya simu au inataka kitambulisho?

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: ukitaka kupandisha video inayozidi dakika 15, au kuweka picha ya kava uliyoitengeneza mwenyewe, YouTube haikudai pasipoti wala leseni ya udereva. Inadai namba ya simu tu, ipokee nambari ya siri ya tarakimu sita, basi. Kitambulisho ni cha ngazi nyingine, iliyo juu ya hiyo, na wengi wanaosumbuka na kitambulisho hapa Unguja na Pemba wala hawakuwa na haja nacho kwa kile walichokitaka.

Kinachowachanganya watu ni kwamba maneno "thibitisha akaunti" yanatumika kwa mambo mengi yasiyohusiana. Kuna kuthibitisha namba ya simu ya chaneli. Kuna kuthibitisha utambulisho wa mwenye chaneli kwa kitambulisho au video ya uso. Kuna ulinzi wa hatua mbili wa kuingilia akaunti ya Google. Kuna alama ya tiki pembeni ya jina, ambayo huwezi hata kuiomba kabla ya kufikisha wafuasi 100,000. Na kwa wanaolipwa kuna kuthibitisha anwani kwa ajili ya malipo, ambapo Google hutuma PIN kwa posta salio likifika dola 10. Mtu anasikia msikitini au kwenye baraza kwamba "fulani alidaiwa kitambulisho na YouTube", naye anadhani ndicho kilichomzuia kupandisha video ya harusi ya dakika 40. Sivyo.

Angalia hapa kwanza, kabla ya kuchoma bando

Kuna ukurasa mmoja tu unaosema ukweli kuhusu chaneli yako. Fungua `studio.youtube.com` kwa kompyuta, au kwa simu ukitumia kivinjari kilichowekwa kwenye hali ya kompyuta. Bonyeza `Settings`, kisha `Channel`, kisha `Feature eligibility`. Utaona mistari mitatu: `Standard features`, `Intermediate features` na `Advanced features`. Pembeni ya kila mstari kuna neno moja. `Enabled` maana yake unacho tayari. `Eligible` maana yake unaruhusiwa kukipata lakini hujakamilisha hatua yake. `Ineligible` maana yake bado mlango umefungwa, na mara nyingi ni kwa sababu ngazi ya chini yake haijakamilika.

Bonyeza kimshale cha kila mstari ili ufunguke, usome vilivyomo. Hapo ndipo utajionea mwenyewe kwamba video za zaidi ya dakika 15, picha ya kava ya kujitengenezea, na kurusha matangazo mubashara vimo kwenye mstari wa pili, `Intermediate features`, na kitufe chake kinasema `Verify phone number`. Mstari wa tatu ndio wenye mambo kama kupandisha video nyingi zaidi kwa siku, linki zinazobonyezeka kwenye maelezo ya video, na ruhusa ya kuomba kulipwa. Huo wa tatu ndio unaotaja kitambulisho.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nimekwama", muulize kwanza: mstari wa pili unasema nini? Neno hilo moja linakata nusu ya maswali yote. Tena uliangalie kabla ya kuanza kupandisha, kwa sababu YouTube inaweza kulipokea faili lako lote, likafika asilimia mia, ndipo ikakukatalia wakati wa kulichakata. Kwa mwenye kununua bando la siku, hiyo ni pesa iliyokwenda na maji.

Dalili: video imefika yote, halafu inaandikwa `Processing abandoned`

Kama chini ya maneno hayo imeandikwa kuwa video ni ndefu mno, sababu ni moja: chaneli haijathibitishwa kwa simu na video imepita dakika 15. Thibitisha simu, futa ile iliyokataliwa, uipandishe upya. Ukishathibitisha, kikomo kinapanda hadi saa 12 au GB 256, kinachotangulia kufika. Hakuna maulidi wala mkutano utakaofika huko.

Tofautisha dalili hii na ya mtandao. Video iliyokwama kwenye asilimia fulani, inasonga kidogo kisha inasimama, haijakataliwa na mtu. Hiyo ni bando limekwisha, mtandao umepungua, au simu imejizima skrini na kukata kazi. Kuthibitisha simu hakutaisogeza hata asilimia moja. Namna ya kujua ni kuangalia ilipofia: ikifia njiani ni mtandao, ikifika mwisho kisha ikakataliwa, soma sababu iliyoandikwa.

Kuna na dalili ya tatu inayofanana nazo, nayo ni ujumbe wa kwamba umefikia kikomo cha kupandisha kwa siku. Huu hauhusu urefu wa video. Umepandisha nyingi ndani ya saa 24, labda ulikuwa unaweka vipande vyote vya shughuli kwa mkupuo. Subiri saa 24 zipite uendelee. Ukikutana nao kila wiki, hapo ndipo mstari wa tatu unapoanza kuwa na maana kwako, kwani ndio unaopandisha kikomo hicho.

Dalili: nafasi ya kuweka picha ya kava haipo, au ipo lakini inakuletea habari za kuthibitisha

Hapa pia rudi kwenye mstari wa pili. Usiposoma `Enabled`, YouTube itakuchagulia vijipicha vitatu ilivyovikata yenyewe kutoka kwenye video, na mara nyingi kimojawapo ni cha mtu amefumba macho. Ukishathibitisha simu, nafasi ya kupandisha picha yako inafunguka.

Mstari unasoma `Enabled` na picha bado inakataa? Basi tatizo limehamia kwenye picha yenyewe au kwenye aina ya video. Vipimo vinavyopendekezwa ni pikseli 1280 kwa 720, upana usipungue 640, iwe JPG, PNG au GIF. Ukiliweka faili chini ya MB 2 hutopata taabu popote, kwa simu wala kwa kompyuta. Bango la shughuli ulilotumiwa kwa WhatsApp, lile refu la kusimama lenye majina ya masheikh wote, litakubalika lakini litatoka na kuta nyeusi kushoto na kulia, na majina hayatasomeka. Mwombe aliyelitengeneza akulazie jingine, uweke maneno matatu manne makubwa.

Na kama video yako ni `Shorts`, sheria za picha ya kava ni nyingine: huko unachagua kipande cha video yenyewe wakati wa kupandisha kwa simu. Wapo wanaohangaika siku mbili kuthibitisha hiki na kile, kumbe video yao ni ya kusimama, ya sekunde 50, na YouTube imeihesabu kuwa `Shorts`.

Dalili: nambari ya siri haifiki

Njia ni `youtube.com/verify`, au kile kitufe cha `Verify phone number` kwenye mstari wa pili. Unachagua nchi, unachagua utumiwe meseji au upigiwe simu, unaandika namba, unasubiri tarakimu sita.

Kwenye orodha ya nchi usiitafute Zanzibar. Chagua Tanzania, iwe uko Mjini Magharibi au Micheweni. Namba ikidaiwa pamoja na +255, ondoa ile sifuri ya mwanzo. Mtu aliyezoea kuandika 0777 huandika +255 0777, kisha akasubiri meseji ambayo haiwezi kumfikia.

Ikiwa namba iko sawa na meseji haiji, fungua programu ya meseji uangalie lile kabati la ujumbe uliozuiwa. Simu nyingi za Android hutupa huko ujumbe wa watumaji wasiojulikana, na kwa jinsi tunavyoandamwa na matangazo ya bahati nasibu, wengi tumeziwasha hizo kinga tukasahau. Bado haipo? Rudi uchague kupigiwa simu. Sauti ya mashine itakusomea tarakimu; uwe na kalamu, inasoma haraka. Njia hii ya simu huokoa watu wengi kuliko wanavyodhani, na sijui kwa nini watu huiacha iwe ya mwisho.

Usibonyeze ombi la nambari mpya kila baada ya sekunde 20. Meseji zikichelewa zinakuja kwa pamoja, tatu nne, kisha unaandika ya kwanza wakati inayotambulika ni ya mwisho. Na ukiomba mara nyingi mno utazuiwa kwa muda, ikulazimu kuacha hadi siku nyingine.

Dalili: unaambiwa namba hiyo imeshatumika kupita kiasi

Hii ndiyo inayowapata watu wa huku zaidi kuliko wanavyojua, na hapa panahitaji maelezo kidogo.

Namba moja ya simu inaweza kuthibitisha chaneli mbili tu kwa mwaka. Sasa fikiria jinsi chaneli zetu zinavyozaliwa. Kikundi cha kasida, timu ya ndondo, madrasa, mtu wa mapishi, wote wanakwenda kwa kijana mmoja wa simu Darajani au Chake Chake, anawafungulia "kila kitu", na kwa kuwa ana haraka anaweka namba yake mwenyewe. Chaneli ya kwanza inapita, ya pili inapita. Ya tatu inakataa. Yeye anakwambia, "YouTube siku hizi wanataka pasipoti." Hapana, wanataka namba nyingine.

Dawa ni rahisi: tumia namba yako, au ya mtu wa nyumbani ambaye hana chaneli. Laini iwe hai na iwe mkononi mwako wakati huo, kwa sababu tarakimu zinafika hapo hapo. Huna haja ya kununua laini mpya na kwenda kuweka alama za vidole kama ndani ya nyumba kuna mama, kaka na shangazi wenye simu zao.

Mfano mzima: madrasa ya Wete

Madrasa moja ya Wete ilirekodi maulidi yake, dufu na kasida, video ya dakika 48 yenye karibu GB 3. Maalim alitaka iende yote kwa pamoja, na mbele iwekwe picha ya watoto waliovaa kanzu na kofia, si kile kijipicha cha spika ambacho YouTube ilikuwa ikikichagua. Video ilipandishwa usiku kucha. Asubuhi ikasomeka `Processing abandoned`.

Kijana aliyeifungua chaneli alisema lazima Maalim apige picha kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi na kumtumia kwa WhatsApp ili "awatumie YouTube". Maalim akasita, na alikuwa na haki ya kusita.

"Hawa wanataka kitambulisho changu cha nini, mwanangu? Mimi nataka kuweka kasida tu."

"Hawajakitaka, Maalim," alijibu mwingine aliyekuja kumsaidia. "Tufungue ukurasa wao tuone wamekitaka wapi."

Ukurasa ulisomeka hivi: mstari wa kwanza `Enabled`, wa pili `Eligible`, wa tatu `Ineligible`. Picha ikawa wazi. Chaneli haikuwa na adhabu yoyote, namba ya simu haikuwahi kuthibitishwa, na mstari wa tatu ulikuwa umefungwa kwa sababu wa pili haujafunguliwa. Hapakuwa na mahali popote palipoomba kitambulisho kwa ajili ya dakika 48.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuhakikisha wameingia kwenye chaneli yenyewe. Akaunti moja ya Google inaweza kubeba chaneli zaidi ya moja, na uthibitisho wa simu huhesabiwa kwa chaneli, si kwa mtu. Ukibonyeza duara la picha juu kulia utaona uko kwenye ipi. Kwa madrasa hii palikuwa na mbili: ile yenye jina la madrasa na nyingine tupu yenye jina la yule kijana, iliyozaliwa akaunti ilipofunguliwa. Mtu akithibitisha ile tupu, ataona `Enabled` kwa raha zake, kisha video ya madrasa itakataa vilevile, na ataapa kwamba YouTube imemdanganya.

Walipobonyeza `Verify phone number` kwa namba ya kijana, ilikataa: imeshatumika. Wakaweka namba ya mke wa Maalim, meseji haikuja, wakachagua kupigiwa, tarakimu zikasomwa, zikaandikwa. Mstari wa pili ukageuka `Enabled`. Wakaifuta ile video iliyokwama, wakaipandisha upya usiku uliofuata, ikapita. Picha ya kanzu na kofia ikawekwa. Ilikuwa imepigwa kwa kulala, hivyo haikuhitaji kukatwa sana.

Kama namba ya kuthibitisha isingepatikana, palikuwa na njia ya kupitia pembeni hata bila kuthibitisha kitu: kuikata video vipande vinne vya dakika 12 na kuviweka kwenye orodha moja ya kucheza. Si njia mbaya kwa maulidi, kwa sababu mpangilio wenyewe una vituo. Kwa darsa la sheikh anayejenga hoja moja kwa nusu saa, kuikata ni kuiharibu.

Dalili: mstari wa pili uko sawa, na kweli unaombwa kitambulisho

Basi umeshatoka kwenye mambo ya urefu na picha. Umegusa kitu cha mstari wa tatu. Kwa kawaida mtu amebonyeza `Access features` kwenye `Advanced features`, au ameweka linki ya ukurasa wake kwenye maelezo ya video akaona haibonyezeki, au anataka kuomba kulipwa. Jiulize kama unakihitaji kitu hicho sasa hivi. Madrasa ile haikukihitaji, ikaacha.

Ukikihitaji, kitambulisho si njia pekee. Njia ni tatu, ingawa si kila chaneli huonyeshwa zote. Ya kwanza ni kuijengea chaneli historia: unapandisha, unafuata kanuni, Google inaangalia mwenendo wa chaneli na wa akaunti yako kwa jumla, na chaneli nyingi hufikia kiwango ndani ya miezi miwili hivi. Hii haiombi karatasi wala uso. Ya pili ni video fupi ya uso wako, unafuata maelekezo ya kugeuza kichwa. Ya tatu ni kitambulisho halali, na wao wenyewe hutaja pasipoti na leseni ya udereva kuwa mifano. Usikisie kama cha Mkaazi au cha NIDA kitapita. Skrini yenyewe itakuorodheshea vinavyokubalika ukishachagua nchi, na kisichokuwemo kwenye orodha usikijaribu. Video na kitambulisho hukaguliwa kwa kawaida ndani ya saa 24, na jibu huja kwa barua pepe.

Maoni yangu: kama hakuna kinachokuharakisha, chukua njia ya historia. Miezi miwili ya kupandisha kasida ungeipandisha hata hivyo. Mwenye sababu ya kuharakisha ni yule ambaye tayari ana wafuasi wa kutosha kuomba kulipwa, au mwenye duka anayetegemea linki ibonyezeke.

Ukiamua kutumia kitambulisho, mambo mawili hukwamisha watu wa huku. Moja ni mwenye chaneli. Uthibitisho wa uso au kitambulisho hufanywa na mmiliki mkuu wa chaneli peke yake. Mtu aliyepewa umeneja, hata kama ndiye anayefanya kazi zote, hataweza. Sasa kama akaunti ya Gmail ni ya yule kijana wa simu, mmiliki mkuu machoni pa Google ni yeye, na kitambulisho kitakachodaiwa ni chake. Hili ni kubwa kuliko habari ya video ndefu, na ni bora ulijue leo. Kama chaneli iko chini ya akaunti ya chapa, ile ambayo Google huiita `Brand Account`, mmiliki mkuu anaweza kukuongeza kuwa mmiliki, na baada ya siku saba akakukabidhi umiliki mkuu. Kama Gmail ni yake binafsi na ina mambo yake mengine, mkae chini muelewane kabla chaneli haijawa na thamani ya kugombaniwa.

La pili ni picha. Kazi hii inafanyika kwa simu. Ukianzia kwenye kompyuta utapewa alama ya kuskani kwa kamera. Pasipoti ikiwekwa chini ya taa ya dari, plastiki yake inang'aa na kufuta herufi. Iweke mezani karibu na dirisha mchana, pembe zote nne zionekane, na usifunike chochote kwa kidole. Kitambulisho kilichopitwa na muda hakipiti hata kikisomeka vizuri.

Na kile alichotaka kukifanya yule kijana, kupokea kitambulisho cha mtu kwa WhatsApp ili "akipeleke", usikikubali kwa mtu yeyote. Hakuna wakala wa YouTube anayekusanya vitambulisho vya watu. Picha inapigwa ndani ya ukurasa wa Google wenyewe, kwa simu yako. Vilevile zile tarakimu sita usimsomee mtu aliyekupigia akidai anatoka YouTube. Anayezihitaji ni wewe unayeziandika.

Dalili: mstari unasoma `Ineligible` na huoni sababu

Anza na adhabu. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa Studio huonekana onyo au adhabu ya kuvunja kanuni za jamii kama ipo. Adhabu hiyo hukaa siku 90, na inaweza kukuondolea mambo ya mstari wa tatu hata kama ulishayapata kwa kitambulisho. Ukiyapoteza hivyo, unarudi kujenga historia upya. Kutuma kitambulisho hakuifuti adhabu.

Usiichanganye na dai la hakimiliki la muziki, ambalo wanaopandisha taarab na kasida zenye ala wanalijua sana. Dai la kawaida linalotolewa na mfumo wa `Content ID` huweza kuzuia video au kupeleka mapato kwa mwenye wimbo, lakini si adhabu kwa chaneli na halifungi urefu wa video wala picha ya kava.

Kama hakuna adhabu, na mstari wa tatu ndio uliofungwa, angalia wa pili umekamilika. Kama wa pili ni `Enabled` na bado kipengele kimoja kinakataa, toka kwenye akaunti, ingia tena, hakikisha ni chaneli ileile, ufungue upya ukurasa. Matangazo mubashara yana subira yake: ukiyawasha kwa mara ya kwanza yanaweza kuchukua hadi saa 24, na kwa kurusha kutoka kwenye simu unatakiwa uwe na wafuasi 50 angalau. Kwa hiyo anayetaka kurusha maulidi ya Ijumaa usiku athibitishe simu na kuyawasha mapema, Jumatano kwa mfano, asingoje dufu lianze kulia.